Kwa nini mafundi wa Kamukunji huongezeka huku mabanda yao yakibaki vilevile

Mwaka 2023 Kenya ilipata takriban nafasi mpya 848,000 za kazi, ukiacha wakulima wadogo na wafugaji. Takriban 721,000 kati ya hizo zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Kwa jumla, takwimu za serikali za mwaka huo zinaonyesha watu wapatao milioni 16.7 wakifanya kazi katika sekta hiyo, kati ya wafanyakazi wote milioni 20. Mwanafunzi mmoja akiziona namba hizi huandika kwamba sekta isiyo rasmi ndiyo injini ya uchumi. Mwingine huandika kwamba uchumi umeshindwa kutoa kazi za maana, ndipo watu wakajitafutia riziki barabarani. Wote wawili wamesoma jedwali moja, na jedwali hilo peke yake haliwezi kuwaamua. Linahesabu vichwa tu. Halisemi kila mtu anazalisha nini, anabaki na kiasi gani, wala kama aliyeajiri mtu mwaka jana ataajiri na mwingine mwaka ujao.

Kabla ya kwenda mbali, kuna mkanganyiko mmoja wa kuuondoa, kwa sababu huharibu majibu mengi ya mitihani. Biashara isiyo rasmi na ajira isiyo rasmi ni vitu viwili. Mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi wa 1993 ulitazama biashara yenyewe: ni ya mtu au kaya, haina uhai wa kisheria uliotengana na mwenyewe, haina vitabu kamili vya hesabu, na mara nyingi ni ndogo au haijasajiliwa. Mkutano wa 2003 ukaongeza kipimo cha pili kinachotazama kazi: je, mfanyakazi ana mkataba, bima, likizo yenye malipo? Kwa hiyo kibarua anayelipwa kwa siku katika kiwanda kikubwa kilichosajiliwa ana ajira isiyo rasmi ingawa kiwanda ni rasmi kabisa. Na fundi anayetengeneza masanduku ya bati hafanyi jambo la haramu. Bidhaa yake ni halali, na mara nyingi ana risiti ya kaunti mfukoni. Kisichokamilika ni makaratasi yanayomzunguka.

Makala haya yanahusu biashara zenyewe, na mahali pazuri pa kuzitazama ni Kamukunji, Nairobi, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos na soko la Gikomba. Hapo bati hugeuzwa kuwa masanduku ya wanafunzi, majiko, makarai, mikebe ya kumwagilia maji, toroli na masufuria makubwa ya kupikia shuleni. Vifaa ni nyundo, mkasi wa bati, na kipande cha reli kinachotumika kama fuawe. Mafundi walikuwepo kwa miaka mingi wakifukuzwa huku na huku. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliotumwa Kenya ulieleza kwamba watu wa namna hii hawakuwa wazururaji bali wazalishaji wenye faida, na ripoti hiyo ndiyo iliyolieneza jina la sekta isiyo rasmi ulimwenguni. Hata hivyo ilichukua miaka mingine 13 kabla Rais Moi kufika Kamukunji, Novemba 1985, na kuahidi mafundi wajengewe mabanda. Tangu hapo sekta imekuwa na sera, na mwaka 2012 ikapata sheria yake, inayomhesabu mwenye wafanyakazi chini ya 10 kuwa biashara ndogo zaidi.

Sasa tuingie ndani ya banda moja. Hesabu ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya kufundishia, si bei za leo za Kamukunji, lakini mpangilio wake ni ule unaokutana nao ukikaa na fundi na daftari. Fundi wetu hutengeneza masanduku 60 kwa mwezi akiwa na msaidizi mmoja, na huyauza kwa wachuuzi kwa shilingi 2,000 kila moja. Mauzo ya mwezi ni shilingi 120,000. Kila sanduku linahitaji shiti moja ya bati, ambayo anaichukua dukani kwa shilingi 1,000, na bawaba, komeo, ribiti na rangi za shilingi 250. Kwa masanduku 60 hiyo ni 75,000. Msaidizi hulipwa shilingi 200 kwa kila sanduku, yaani 12,000. Kodi ya banda, mlinzi wa usiku, mkokoteni na ada ndogondogo vinakula 9,000. Kinachobaki ni shilingi 24,000.

Ukimwuliza, atasema faida yake ni 24,000. Hapa ndipo mwanafunzi wa ujasiriamali anapaswa kusimama. Fundi huyu ameshinda bandani mwezi mzima akikata na kukunja bati kwa mikono yake. Kama angeajiriwa banda la jirani angelipwa, tuseme, 15,000. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile 24,000 ni mshahara wake mwenyewe. Faida halisi ya biashara, yaani pesa ambayo ingeweza kununua mashine au kuajiri mtu wa pili, ni 9,000. Watafiti wengi wanaposema biashara hizi zina faida kubwa au ndogo, tofauti yao huanzia hapa: je, kazi ya mwenye biashara na ya watoto wake wanaosaidia jioni imehesabiwa, au imechukuliwa kama ya bure?

Turudi kwenye ile shiti ya bati. Nimesema anaichukua kwa 1,000. Anayelipa taslimu kwenye duka hilohilo anauziwa kwa 900. Fundi wetu huchukua shiti 15 Jumatatu kwa mkopo na kulipa baada ya wiki, akishauza. Hakuna aliyetaja neno riba, lakini ipo: kwa kutumia mali ya shilingi 13,500 kwa siku saba, analipa 1,500 zaidi. Hiyo ni asilimia 11 kwa wiki. Kwa mwezi wa masanduku 60 inafika 6,000, ikilinganishwa na faida halisi ya 9,000. Kama angekuwa na 13,500 zake za kuzungusha, faida hiyo ingepanda hadi 15,000, na akiba yenyewe ingejilipa ndani ya wiki tisa.

Hili si jambo la Kamukunji peke yake. Huko Sri Lanka, watafiti waliwapa wenye biashara ndogo kabisa fedha au bidhaa kwa bahati nasibu, kisha wakapima. Kwa wastani mtaji ule ulizaa karibu asilimia 5 kwa mwezi, juu kabisa ya riba za benki za huko. Faida hiyo ilionekana kwenye biashara za wanaume. Kwenye zile za wanawake, kwa wastani, haikuonekana. Kwa hiyo mtaji mdogo unaweza kuzaa sana, lakini si kila mahali wala kwa kila mtu.

Basi kwa nini fundi hajiwekei hizo 13,500? Jibu la haraka ni kwamba hajui kuweka akiba. Silikubali jibu hilo, na ukifuatilia pesa zake wiki baada ya wiki hutalikubali pia. Mfuko wa biashara na mfuko wa nyumbani ni mmoja. Shilingi inayokaa bandani inaonekana na kila mwenye shida: karo, dawa, msiba kijijini. Ndiyo maana wengi huiweka kwenye chama cha kuchangiana kwa zamu, kwa sababu pesa iliyo kwenye chama haiwezi kuombwa. Lakini zamu ya chama huja kwa ratiba ya chama, na bati hupanda bei kwa ratiba yake. Halafu mkopo wa duka, ingawa ni ghali, una uvumilivu ambao mkopeshaji mwingine hana. Wiki ya mvua masanduku yakikosa mnunuzi, mwenye duka husubiri. Taasisi ya mikopo inayodai marejesho kila wiki haisubiri. Na biashara ya masanduku ina msimu mkali: mahitaji huruka shule za bweni zinapofunguliwa, hasa Januari wanafunzi wapya wanapojiunga na sekondari, kisha hushuka. Mkopo wenye marejesho sawa miezi 12 haukukatwa kwa kipimo cha biashara kama hii.

Serikali imejaribu kuingia hapo. Mfuko wa Hasla ulipozinduliwa Novemba 30, 2022, ulitoa mikopo ya mtu binafsi ya kati ya shilingi 500 na 50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, irudishwe ndani ya siku 14. Kwa bei, mkopo huo ni nafuu mno ukilinganisha na ule wa bati. Kwa ukubwa, tatizo linaonekana mara moja: anayeanzia shilingi 500 hawezi kununua hata shiti moja. Kiwango hupanda kwa jinsi mtu anavyokopa na kurudisha, lakini kwa mwenye banda hatua hiyo ya kwanza ni fupi kuliko mahitaji yake ya Jumatatu moja.

Mtaji ni nusu ya maelezo. Nusu nyingine, ambayo wanaoandika juu ya mikopo huipita mbio, ni kile kinachotokea fundi anapofanikiwa. Chukua jiko la makaa lenye kauri ndani, lile lenye kiuno chembamba ambalo sasa limezoeleka Afrika Mashariki nzima. Lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, likiazima wazo kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand, na badala ya kujengewa kiwanda kikubwa, maarifa yake yaliachiwa mafundi wa jua kali, jina wanaloitwa Kenya mafundi wa sekta hii isiyo rasmi. Wengine wakashika ganda la bati, wengine wakashika kauri ya udongo, wengine kuunganisha na kuuza. Kila aliyejua kukunja bati angeweza kuiga, na wakaiga. Bei ikashuka, majiko yakaenea, mamilioni ya jikoni yakatumia makaa machache zaidi. Ubora pia uliyumba: kauri isiyochomwa vizuri hupasuka mapema, na mnunuzi hawezi kuijua kwa macho dukani.

Kwa taifa hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa fundi wa kwanza aliyetengeneza jiko zuri, hali ni tofauti. Faida yake ya ziada ilidumu mpaka jirani alipoona wateja wakisimama. Mabanda yamegusana, kazi hufanywa hadharani, na vipimo vinachukuliwa kwa jicho. Kila bidhaa mpya inavutia waigaji mpaka bei inakaribia gharama, na fundi anarudi kwenye ile 24,000 yake.

Uanagenzi nao unasukuma upande huohuo. Kijana huja bandani, analipa ada kidogo au anatumika kwa ujira mdogo, anajifunza kukata, kukunja, kuunga. Akishaiva, ana njia mbili. Abaki akilipwa 200 kwa sanduku, au anunue mkasi na nyundo, atafute kipande cha reli, afungue banda lake hatua chache kutoka kwa mwalimu wake. Kwa kuwa vifaa ni vya bei nafuu na ujuzi anao, huchagua kuondoka. Mwenye banda analijua hilo, kwa hiyo hana sababu ya kumfundisha kila kitu, wala kumnunulia mashine ya kukunjia atakayoijua na kuondoka na ujuzi wake. Matokeo yake, sekta inakua kwa kugawanyika. Mwaka huu banda moja lenye watu watatu, miaka michache baadaye mabanda matatu, kila moja na fundi na msaidizi. Ajira zimeongezeka. Uzalishaji kwa kila mtu umebaki palepale, kwa sababu ili uongezeke inabidi kazi igawanywe ndani ya banda moja: mmoja akate siku nzima kwa mashine, mwingine akunje, mwingine apake rangi. Banda la watu wawili haliwezi kugawanya kazi hivyo.

Utafiti wa kitaifa wa biashara ndogo uliotolewa na KNBS, shirika la takwimu la taifa, mwaka 2016 unaonyesha picha hii kwa ukubwa wa nchi. Ulikuta biashara ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, ambazo milioni 5.85 kati yake hazikuwa na leseni. Ulikuta pia kwamba katika miaka mitano iliyotangulia, biashara milioni 2.2 hivi zilikuwa zimefungwa. Kila mwaka zinazaliwa nyingi, zinakufa nyingi, na ajira ya jumla hupanda kwa sababu wanaoingia wanazidi wanaotoka.

Wapo wanaosema dawa ni kuzirasimisha zote zilipe kodi. Tumpeleke fundi wetu huko tuone. Mauzo yake kwa mwaka ni shilingi milioni 1.44, kwa hiyo anaingia kwenye kodi ya mauzo, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3 kwa biashara zenye mauzo ya milioni 1 hadi 25. Asilimia 3 inasikika ndogo. Ya mauzo yake ni 43,200 kwa mwaka, yaani 3,600 kwa mwezi. Lakini faida yake halisi ni 9,000. Kodi imechukua asilimia 40 ya faida hiyo, kwa sababu inatozwa kwenye pesa yote inayopita mkononi, ikiwemo ile ya bati ambayo si yake. Msusi, ambaye sehemu kubwa ya mauzo yake ni malipo ya kazi ya mikono, angeihisi kidogo kwa kiwango hichohicho. Isitoshe, fundi huyu hakuwa nje ya kodi hata kabla ya hapo. Bei ya bati ina kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, na kwa kuwa hajasajiliwa kwa kodi hiyo, hawezi kuidai irudi kama afanyavyo mwenye kiwanda.

Hata hivyo kubaki nje nako kuna gharama, na gharama hiyo inaonekana pale anapotaka kumfikia mnunuzi mkubwa. Shule inayotaka masanduku au masufuria 200 huhitaji ankara. Tangu Januari 2024, kampuni ya Kenya inayotaka gharama yake itambuliwe katika kodi ya mapato hutakiwa kuwa na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS. Fundi asiyekuwa nayo anakuwa ghali kwa kampuni hiyo hata kama bei yake ni ya chini. Mwishoni mwa 2024 sheria ilirekebishwa ili mnunuzi mwenyewe aweze kutoa ankara hiyo anaponunua kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Kwa watu wa Kamukunji, marekebisho ya namna hii yana uzito kuliko semina nyingi za ujasiriamali, kwa sababu yanagusa kitu ambacho mtaji peke yake hauwezi kukileta: oda kubwa, ya bidhaa moja, kwa tarehe inayojulikana. Oda kama hiyo ndiyo inayomlipa fundi kwa kununua mashine, na ndiyo inayompa msaidizi sababu ya kubaki.

Lakini usitarajie kila banda litumie nafasi hiyo. Wapo walioingia kwenye biashara kwa kukosa kazi, na mshahara wa hakika ukija wataondoka kesho. Hao hawahitaji kukua. Wanahitaji mahali salama pa kuuzia, bima ya afya, na kutonyang'anywa mali. Wapo wachache sana ambao tayari wana wafanyakazi wengi na magari. Na katikati wapo wenye ujuzi na faida nzuri kwa kila shilingi, waliobanwa na mtaji au mnunuzi. Fundi anayechukua bati kwa asilimia 11 kwa wiki na bado akabaki na faida ni mmoja wao: mali yake inazaa zaidi ya gharama hiyo, ndiyo maana anaweza kuilipa. Anayefunga wiki anapokosa mkopo, na hata akiupata anabaki na pesa ileile, huenda tatizo lake liko kwa wateja.

Ukirudi sasa kwenye zile nafasi 721,000 za mwaka 2023, utajua maswali ya kuziuliza. Je, zimetoka kwenye biashara mpya za mtu mmojammoja, au kwenye biashara zilizokuwepo zikiongeza watu? Je, kipato cha kila mtu, baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kimepanda au kimegawanywa? Na wanaoingia wanauza kitu kipya, au masanduku yaleyale kwa wanafunzi walewale? Mwaka 2020 pia unasaidia kulielewa jambo hili. Corona ilipofunga masoko, wengi walitarajia waliopoteza kazi za ofisini wamiminike jua kali. Badala yake ajira katika sekta isiyo rasmi nayo ilipungua, maana shule zilikuwa zimefungwa, hoteli ziko tupu, na mchuuzi hakuwa na wa kumwuzia. Mteja wa fundi wa Kamukunji ni mtu mwenye mshahara au mkulima aliyeuza mavuno, na pesa zao zikikauka, banda linakauka pamoja nazo.